Sikuchaguliwa, Leo Niko Zamu ya Mchana

Mtoto wa kaka yangu alipata barua pepe yake saa 4 usiku, mwezi wa sita, akiwa anatoka kazini. Ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya wilaya. Alikuwa ameomba ufadhili wa shahada ya uzamili nje ya nchi, akaandika insha zote walizotaka, akapata watu wawili wa kumwandikia barua za kumdhamini, akaitwa kwenye usaili. Ukoo mzima ulijua. Barua ile ilimwambia kwa sentensi tatu za heshima kwamba hakuchaguliwa, na kwamba hayumo hata kwenye orodha ya akiba.

Alinitumia ujumbe: "Shikamoo shangazi. Nimekosa." Kabla sijamaliza kumjibu, ukaja mwingine mrefu. Yalikuwa maneno aliyotaka kuyaweka usiku uleule kwenye stetasi ya Wasapu na chini ya picha Instagramu, akitaka niyaangalie kwanza. Nayaweka hapa kwa ruhusa yake, kwa sababu nimeyaona kwa vijana wengi:

"Usiku, jasho, machozi... vyote bure. Nimenyimwa tena. Sijui nina mkosi gani mimi. Wenye watu wao hongereni. Namwachia Mungu. Ipo siku mtanikumbuka."

Mwisho wake kulikuwa na moyo uliopasuka. Picha ilikuwa nyeusi tupu.

Nilimwomba asiyaweke. Sikumwambia afiche huzuni yake, maana huzuni ile ilikuwa halali na mimi mwenyewe niliiona usiku ule. Nilimwomba kitu kimoja tu, ayaandike yote kwenye daftari, alale, kisha tuyasome pamoja kesho yake neno kwa neno. Tuliyoyaona tukiyasoma ndiyo ninayotaka kuwapa ninyi mnaosubiri majibu ya ufadhili au ya kazi, au mliokwisha kuyapata.

Tulianza na kitenzi. Kiswahili kina njia nyingi za kusema hukupata kitu, na kila njia inasimulia habari tofauti. Anayesema "nimenyimwa" anasema kulikuwa na mtu mwenye kitu, akamwangalia, akakizuia. Kunyima ni kazi ya bahili. Ukiandika nimenyimwa umeshamshtaki mtu, hata kama hukumtaja, na msomaji ataanza kumtafuta huyo mnyimaji. "Nimekataliwa" hakishtaki, lakini kinakugeuza wewe mzima kuwa kitu kilichokataliwa, kama posa iliyorudishwa, wakati kilichokataliwa ni maombi yako ya mwaka huu. "Nimefeli" si kweli, kwa sababu usaili wa nafasi chache si mtihani wenye alama ya kufaulia. Watu 10 wanaweza kuwa wazuri na nafasi zikawa 4. "Nimekosa", neno alilonitumia mimi, ni sahihi kati ya mtu na shangazi yake, lakini lina maana mbili. Kukosa ni kutopata, na kukosa pia ni kutenda kosa. Ndilo neno la toba. Mbele ya watu 300 wanaokusoma, hutaki kuonekana unatubu.

Baki na "sikupata" au "sikuchaguliwa". Binafsi napenda la pili, kwa kuwa linaeleza kilichotokea kwa ukamilifu: palikuwa na uchaguzi, wapo waliochaguliwa, mimi simo. Halina mshtakiwa wala mkosaji.

Angalia pia nyakati. Wengi hupenda kuandika "sijapata", kwa sababu ile -ja- inaacha mlango wazi. Inafariji, lakini inadanganya. Anayesema sijapata bado anasubiri jibu, na wewe jibu unalo mkononi. Marafiki watakuuliza tena wiki ijayo, na wiki itakayofuata, nawe utalazimika kulieleza upya jambo lilelile mara kumi. "Sikupata" hufunga habari ya mwaka huu kwa siku moja. Umuhimu wake mkubwa ni kuwaondolea watu swali.

Upande wa pili wa nyakati ni ule wa ahadi. Baada ya kusema hukupata, mkono unakwenda wenyewe kwenye -ta-: nitarudi, nitapambana, nitawashangaza. Yale maneno "ipo siku mtanikumbuka" ni -ta- iliyovaa kisasi. Ahadi ya hadharani hukulipa kabla hujaifanyia kazi. Watu watakupongeza kwa kuamka tena na wewe bado umelala. Mwakani, kama hukuomba tena kwa sababu nzuri kabisa, mfano umepata kazi nyingine au mama anaumwa, ile -ta- itabaki pale ikikudai.

Dawa yake Kiswahili tunayo: -mesha-. Badala ya nitaanza, andika nimeshaanza, kwa sharti kwamba kweli umeanza. Hapo ndipo maneno yanapoacha kuwa maneno. Ili uweze kuandika nimeshaanza inakubidi ufanye jambo moja dogo kwanza, ndipo uandike. Jambo lenyewe huamua nini cha kuandika.

Kwa mtoto wetu tulilitafuta jambo hilo asubuhi, akiwa na chai na mimi niko kwenye simu. Nilimwuliza ni swali gani kwenye usaili lilimpa tabu. Alilikumbuka bila kufikiri. Walimwuliza atafanya nini akirudi nyumbani na shahada yake, akajibu kwamba ataboresha huduma za maabara nchini. Alipolitamka jibu hilo kwa sauti alinyamaza, akasema, "Shangazi, hata mimi nisingejichagua." Jibu lile angeweza kulitoa mtu yeyote, na kwa nchi yoyote. Yeye anajua mambo ambayo hakuyasema pale: kwamba sampuli za wagonjwa wa nje hulundikana asubuhi, kwamba majibu ya wengine hutoka wakati daktari ameshaondoka, na kwamba hakuna anayeandika muda kutoka sampuli inapopokelewa hadi jibu linapotoka. Muda huo ni kipimo cha kawaida kabisa cha ubora wa maabara, na unaweza kuupata kwa daftari, kalamu na saa ya ukutani, mradi mkuu wa maabara akubali.

Alichukua daftari, akaandika lile swali juu ya ukurasa, na chini yake akaanza kuandika jibu ambalo angelitoa kama angekuwa ametulia: mpango wa kuupima muda huo. Ilimchukua chini ya saa moja. Jambo lake la -mesha- likawa limepatikana.

Baada ya kitenzi tuliingia kwenye mafumbo, na hapa nilimkumbusha kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Jina ni ule mstari mmoja ulioandikwa chini, na bibi zetu walikuwa wakinunua kanga kwa jina kama wanavyonunua kwa rangi. Mwanamke wa pwani anajua kwamba jina la kanga linaweza kuwa baraka, na linaweza kuwa mkuki. Ukiivaa ukapita mbele ya mlango wa mkemwenzio, hukusema kitu, na umesema yote. Maneno ya chini ya picha ni jina la kanga la zama hizi. Mafupi, yanasomwa na wote, na kila asomaye hujiuliza: hili ananiambia mimi?

Ndiyo maana "wenye watu wao hongereni" ni mpasho, hata kama mwandishi aliuona ni utani. Wako watu waliochaguliwa kwa haki, pengine mmoja wao alikaa naye kwenye benchi la kusubiri usaili, na ataisoma. Wako waliomwandikia barua, nao watajiuliza kama wao si "watu" wake. Na kama kweli unao ushahidi kwamba nafasi iliuzwa au ilipewa ndugu, mahali pake ni kwenye malalamiko rasmi yaliyoandikwa, yenye tarehe na nyaraka. Stetasi ya Wasapu hufutika baada ya saa 24, na fumbo halichunguzwi na mtu.

Hata Mungu tulimzungumzia. Sina tatizo na mtu anayemtaja Mungu kwenye huzuni yake, na mimi humtaja. Lakini Waswahili tunajua tofauti ya "namshukuru Mungu" na "namwachia Mungu". La kwanza ni shukrani. La pili, katika matumizi yetu, ni mashtaka yaliyohamishiwa mahakama ya juu, maana humwachii Mungu jambo ila mtu amekudhulumu. Kama huna wa kumshtaki, usiende huko. Na "Mungu anajua" peke yake, pamoja na nukta tatu, ni ya kudeka. Nukta tatu huomba mtu aulize, "Vipi tena?" Vivyo hivyo "nisiseme mengi", na "sijui nina mkosi gani". Swali la mkosi halina jibu ila moja, "Huna mkosi, dada, jipe moyo", na huo ndio ubani uliokuwa unaufukiza. Kipimo ninachokitumia ni hiki: soma kila sentensi, ujiulize msomaji mwema atalazimika kujibu nini. Kama jibu pekee linalowezekana ni pole au kukanusha ulichosema, sentensi hiyo inaomba. Itoe. Kama anaweza kusoma, akaelewa na akaendelea na kazi yake bila kudaiwa kitu, iache.

Tulipofika hapo, yale maneno ya usiku hayakubaki na kitu. Nilimwuliza kama bado anataka kuandika. Nauliza hivyo kwa makusudi, kwa sababu si kila jibu baya linahitaji tangazo. Kama uliomba kimyakimya na waliojua ni mama na rafiki mmoja, wapigie simu hao wawili, basi. Unayo sababu ya kuandika pale tu ulipokwisha kutangaza kwamba umeitwa usaili, na watu wakakuombea dua na sasa wanauliza. Yeye aliweka picha ya siku ile ya usaili, akapata pongezi nyingi. Alikuwa na deni la habari.

Lakini kabla ya hadhara, kuna watu wawili ambao hawapaswi kuisoma habari hii mtandaoni: wale waliokuandikia barua. Hao walitoa jina lao kwa ajili yako, na mwakani utawarudia. Aliwatumia kila mmoja ujumbe wake, wa maneno ya kawaida. Kwa mwalimu wake wa chuo aliandika: "Shikamoo mwalimu. Majibu yametoka, sikuchaguliwa. Nashukuru sana kwa barua yako, ilinifikisha usaili. Nikiomba tena nitakujulisha mapema." Mwalimu alimjibu kwa simu siku ileile, na alimpa ushauri wa maana kuliko wote niliompa mimi: aangalie tarehe ya cheti chake cha mtihani wa Kiingereza, kwa kuwa matokeo ya IELTS kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka 2, na chake kingeisha kabla ya dirisha lijalo kufungwa. Angepata pole 200 kwenye Instagramu na asipate neno hilo.

Kuhusu picha sina mengi. Usipige picha ya barua ya kukataliwa. Ina namba yako ya maombi, pengine ina jina la ofisa, na ukiiweka umeonyesha barua uliyoandikiwa wewe peke yako. Picha nyeusi ni kilio. Picha yako umeinamisha kichwa ni kilio kilichopangwa. Weka kitu cha kazi yako ya leo. Yeye alichagua meza yake na hadubini, na nilimkumbusha akague mara mbili kwamba hakuna slaidi wala fomu yenye jina au namba ya mgonjwa inayoonekana. Akaisogeza trei pembeni, akapiga upya.

Maneno yaliyotoka mwishoni ni haya:

"Niliomba ufadhili wa shahada ya uzamili, nikafika usaili, sikuchaguliwa. Ahsante kwa mwalimu wangu na mkuu wangu wa kazi walioniandikia barua. Swali lililonishinda nimeshaliandika kwenye daftari. Leo niko zamu ya mchana."

Ni maneno 30. Nataka muangalie sentensi ya kwanza inavyotembea: niliomba, nikafika, sikuchaguliwa. Ile -ka- ya katikati inaipa heshima hatua aliyoifikia bila kujisifu, na kukosa kwake kunakuja kama tukio la tatu katika safari, mahali pake. Habari yote imo kwenye mstari huo wa mwanzo, na hilo ni la lazima, kwa sababu Instagramu huonyesha mwanzo tu wa maelezo na kuficha yanayofuata hadi mtu abonyeze. Ukianza na utangulizi wa maisha na milima yake, wengi watasoma utangulizi na kupita, kisha watakuuliza umepata au hukupata.

Sentensi ya swali lililomshinda ndiyo niliyoipigania. Yeye aliogopa inamdhalilisha. Niliona kinyume chake: ndiyo pekee inayoonyesha amekwisha kusimama, na haisemi swali lilikuwa lipi wala atalijibu vipi. Mpango wake wa kupima muda wa majibu haukuingia, na haukupaswa kuingia. Kwanza ni takwimu za mahali pa kazi, si zake za kutangaza. Pili, azma ikitolewa nje yote, ndani hakibaki kitu. Sentensi ya mwisho ni ya kawaida kupita zote, na mimi ndiyo ninayoipenda. Mtu aliyekosa juzi yuko zamuni leo.

Nilipomsimulia jirani yangu, akanieleza ya kijana wake aliyefanya usaili wa serikali na hakuona jina lake kwenye orodha ya walioitwa kazini. Alikuwa ameshaandika maneno ya kuaga ndoto. Kwa wanaoomba kupitia Ajira Portal hapa Tanzania kuna jambo la kuhakikisha kabla ya kuandika chochote. Soma tangazo lenyewe, si orodha ya majina tu. Matangazo ya kuitwa kazini ya Sekretarieti ya Ajira hueleza mara kwa mara kwamba baadhi ya walioitwa walikuwa kwenye kanzidata, yaani walifaulu usaili uliopita wakakosa nafasi wakati ule, wakahifadhiwa. Matangazo hayo pia huwaambia ambao majina yao hayamo wasisite kuomba tena nafasi zitakapotangazwa. Kwa hiyo kufaulu bila kuitwa na kutofaulu kabisa ni mambo mawili, na aliyewekwa akiba kwenye ufadhili ana hali ya aina hiyohiyo. Ingia kwenye akaunti yako uone hali yako. Ukiwa akiba au kanzidata, usiandike kitu. Huna habari bado. Hapo "sijapata" ni neno la kweli, na la kuambiwa wanaokuuliza tu.

Mtoto wetu aliweka maneno yake saa 7 mchana, siku mbili baada ya ile barua. Siku mbili zilitosha. Angeweza kungoja wiki, lakini zaidi ya hapo habari inapoa na kuiamsha upya kunataka maelezo. Nilimshauri amjibu kila mtu kwa neno moja, ahsante, na asiongeze. Watu walikuja na mengi. Mmoja aliandika kwamba nafasi hizo zina wenyewe. Hakumjibu kwa ahsante na hakubishana naye, alimwacha. Ukiweka alama ya kupenda chini ya maneno kama hayo, umeyasaini, na ule mpasho ulioufuta unarudi kwa mkono wa mwingine. Mwingine alimwuliza hadharani, "Kwani ilikuwaje?" Alimjibu: "Ahsante, tutaongea." Mwanafunzi mmoja wa chuo, asiyemfahamu, alimwandikia pembeni kumwuliza usaili huwa wa muda gani. Huyo alimjibu kwa urefu.

Nami nina ombi kwa ninyi mtakaokutana na maneno kama yale chini ya picha ya rafiki au mtoto wa jirani. Ameshayapima. Msimwulize mbele ya watu kilichotokea, msimtafutie mchawi, na msimwambie kwamba kuna kitu bora kinamsubiri, kwa kuwa hamkijui. Mpongezeni kwa kufika usaili. Na kama mmewahi kuupita usaili wa namna hiyo, mpigieni simu mkae naye saa moja kwenye lile swali lililomshinda.